Mtoto mmoja akipona, dawa haijathibitishwa

Msomaji, daktari akikusimulia kuhusu mtoto aliyezinduka baada ya kutiwa maji mengi kwa haraka mshipani, hiyo ni ripoti ya mgonjwa mmoja, ngazi ya chini ya ushahidi. Pengine angepona hata bila maji hayo. Kulinganisha makundi ya wagonjwa ni ngazi ya juu zaidi, lakini kuna mtego: daktari huwatia maji hasa waliozidiwa, kwa hivyo makundi hayalingani tangu mwanzo.

Kura ndiyo huondoa upendeleo huo. Jaribio la FEAST, lililochapishwa mwaka wa 2011, liligawa kwa kura watoto 3,141 wenye homa kali na damu isiyozunguka vyema, katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. (Wagonjwa wa kuhara hawakuhusishwa.) Kufikia saa 48, katika kila watoto 100 waliotiwa maji ya haraka, zaidi ya 10 walikuwa wamefariki, kwa wasiotiwa, karibu 7.

Juu ya jaribio huwekwa mapitio yanayokusanya majaribio yote kwa utaratibu. Yakikusanya masimulizi matupu, hata hivyo, hayalishindi jaribio moja zuri.