Kiondo Kimoja, Bei Nne

Mwishoni mwa Januari 2024, dola moja ya Marekani ilikuwa ikiuzwa Nairobi kwa takriban shilingi 160. Kufikia mwisho wa Machi ilikuwa imeshuka hadi karibu shilingi 132. Katikati ya miezi hiyo serikali ya Kenya iliuza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 ili kuanza kulipa deni la dola bilioni 2 lililokuwa linaiva Juni. Hofu kwamba nchi ingeshindwa kulipa ikapungua, na shilingi ikapanda thamani kwa kasi ambayo wengi hawakuitarajia.

Walioagiza bidhaa kutoka nje walishusha pumzi. Kwa waliouza nje kwa bei ya dola, mambo yaligeuka. Chukua muuzaji wa viondo mwenye duka la mtandaoni, ambaye hesabu zake zote ziko katika shilingi: katani, ngozi ya mkanda, ujira wa akina mama wanaosuka, nauli ya kupeleka mzigo posta. Kiondo chake ni shilingi 4,800. Januari alikigawa kwa 160, akaandika dola 30 kwenye tovuti, akaendelea na kazi nyingine. Machi, dola 30 zilezile zilimletea shilingi 3,960. Kila kiondo kilichoondoka kilikuwa kimepoteza shilingi 840, na hakuna kitu chochote kwenye tovuti kilichomwonyesha hilo. Bei ilionekana sawasawa. Oda ziliongezeka, pengine, kwa kuwa alikuwa anauza rahisi.

Kosa lake halikuwa kuandika bei kwa dola. Mteja wa Chicago anahitaji kuona dola, na wa Muscat anataka riale. Kosa lilikuwa kuiacha dola iwe bei yenyewe, ilhali bei yake halisi ni shilingi. Duka linalouza nje lazima liwe na sarafu moja ya msingi, ile ambayo gharama zake zinalipwa, na bei zote za kigeni ziwe zinazaliwa kutoka hapo kila zinapohitajika. Tena zizaliwe moja kwa moja. Ukitoa dola kutoka kwenye shilingi, ukaikadiria, kisha ukatoa yuro kutoka kwenye dola iliyokwisha kadiriwa, unabeba makosa madogo ya hatua ya kwanza kuyaingiza kwenye ya pili.

Sasa swali linakuja: kiwango gani kitumike? Benki Kuu ya Kenya hutangaza kiwango cha kila siku ya kazi, na ndicho ambacho watu wengi hukichukua. Lakini kile ni wastani wa bei ya kununua na ya kuuza katika mabenki. Hakuna benki itakayompa muuzaji wastani. Benki inanunua dola zake kwa bei ya chini kuliko hiyo, na kabla hazijafika benki, kampuni inayopokea malipo ya kadi imekwisha kata ada yake.

Hesabu ikifanywa polepole inaonekana wazi. Tuseme wastani uliotangazwa ni 129.20, benki inanunua dola kwa 127, na ada ya malipo ni asilimia 4. Muuzaji anayegawa 4,800 kwa 129.20 anapata dola 37.15, anaikadiria kuwa 37. Mteja akilipa, ada inakula na kubakiza dola 35.52, na benki inazigeuza kuwa shilingi 4,511. Pengo ni shilingi 289 kwa kiondo, bila sarafu kuyumba hata kidogo. Anayejua njia anaanza mwisho wa safari: 4,800 kwa 127 ni 37.80, kisha anagawa kwa 0.96 ili kurudisha ada, anapata 39.37. Bei hiyo ndiyo inayomwachia shilingi zake zote.

Dola 39.37 si bei ya kuandika, kwa sababu mtu akiiona anajua imetoka kwenye kikokotoo. Hapa ndipo kukadiria kunapoingia, na watu hukadiria kama walivyofundishwa shuleni: kwenye namba nzima iliyo karibu. Namba hiyo ni 39, na kwa dola 39 muuzaji anabaki na shilingi 4,755, pungufu kwa 45. Kwa bidhaa ambayo faida yake ni ndogo, ni afadhali kukadiria kwenda juu tu. Dola 40 inamwachia 4,877, na ile ziada ya shilingi 77 inakuwa kinga ya kiwango kuteleza kidogo kati ya siku ya oda na siku ya fedha kufika.

Kila sarafu ina hatua yake ya kukadiria, na hapa duka linahitaji kujua desturi za fedha zenyewe. Dola na yuro zina senti 100. Riale ya Oman ina baisa 1,000, kwa hiyo bei zake huandikwa kwa tarakimu tatu baada ya nukta. Yeni ya Japani haina senti kabisa katika matumizi. Vivyo hivyo shilingi ya Uganda na faranga za Rwanda na Burundi katika orodha ya kimataifa ya sarafu. Riale ina urahisi mmoja mkubwa: tangu 1986 Oman imeifunga kwa dola, dola moja kwa riale 0.3845. Dola 40 ni riale 15.380, leo na mwezi ujao, maadamu Oman haijabadilisha sera yake. Bei ya Muscat haihitaji kufuatiliwa peke yake. Ikirekebishwa ya dola, nayo inafuata. Dirhamu ya Falme za Kiarabu na riyali ya Saudia nazo zimefungwa kwa dola.

Idadi hiyo ya tarakimu inaweza kuleta balaa upande wa pili wa skrini. Mifumo mingi ya malipo haipokei "40.00". Inataka kiasi kwa kipande kidogo kabisa cha sarafu husika: dola 40 zinatumwa kama 4000, yaani senti. Fundi aliyezoea dola anaandika programu inayozidisha kila bei kwa 100, anaijaribu, inafanya kazi, anaondoka. Kisha mteja wa Osaka ananunua kiondo cha yeni 6,000, mfumo unatuma 600000, na kwa kuwa yeni haina senti, anadaiwa yeni laki sita. Kwa Oman kosa linakwenda kinyume: riale 15.380 zinatumwa kama 1538, mfumo unazisoma kama baisa, na kiondo kinauzwa kwa riale moja na nusu. Mjapani atalalamika siku hiyohiyo. Wa Muscat huenda asiseme neno. Ndiyo maana inafaa kufanya oda moja ya majaribio kwa kila sarafu kabla ya kuifungua, na kulinganisha kiasi kilichoonyeshwa na kilichopokewa, tarakimu kwa tarakimu.

Bidhaa ndogondogo zina mtego wao. Bangili ya shanga ya shilingi 150, kwa hesabu ileile ya benki na ada, ni dola 1.23. Duka linaikadiria kuwa 1.25. Mteja wa jumla anachukua 20, na kichwani anajua ni dola 25. Programu nayo inaanza upya kwenye shilingi 3,000, inageuza kwa mkupuo, inaandika 24.61. Tofauti ni senti 39 na ni faida ya mteja, lakini mhasibu wake ataiona kama ankara isiyojumlika. Bei ikishaonyeshwa kwa kipande kimoja, jumla lazima iwe bei hiyo mara idadi. Kugeuza na kukadiria kufanyike mara moja tu, kwenye kipande.

Kuhusu kubadilisha viwango, wengi hudhani kadiri inavyofanyika mara nyingi ndivyo bora. Sivyo. Bei inayopanda na kushuka senti kumi kila asubuhi inamfanya mteja asite, naye ana haki. Njia inayofaa zaidi ni kukagua kiwango kila siku ya kazi, lakini kugusa bei pale tu kiwango kinapokuwa kimesogea zaidi ya, tuseme, asilimia 2 tangu bei ilipowekwa. Katika miezi iliyotulia, kama nusu ya pili ya 2024 ambapo dola ilikaa karibu na shilingi 129, bei ingedumu bila kuguswa. Katika Februari ile ingebadilika mara kadhaa, na ingestahili.

Hatari kubwa ni pale kiwango kinapoacha kuja. Duka linalovuta viwango kutoka kwenye huduma fulani, huduma ikikatika, linaendelea kutumia kile cha mwisho kimyakimya. Kwa hiyo kila kiwango kihifadhiwe pamoja na tarehe yake, na kikizidi siku nne (mwishoni mwa juma na sikukuu havitangazwi) mwenye duka apate ujumbe. Vilevile, kiwango kikiruka zaidi ya asilimia 5 kwa siku moja, kisubiri macho ya mtu. Mara nyingi ni nukta iliyokaa pasipo pake.

Nukta hiyo inawasumbua hata wateja. Mjerumani akiona 15.400 anasoma elfu kumi na tano na mia nne, kwa sababu kwao nukta hutenganisha maelfu na mkato hutenganisha senti. Alama ya dola nayo ni ya Wamarekani, Wakanada na Waaustralia pia, hivyo kuandika USD kunaondoa ubishi. Ikiwa duka linaonyesha yuro lakini kadi itakatwa kwa shilingi, iandikwe pale pale kwamba yuro ni makadirio na kwamba benki ya mteja itageuza kwa kiwango chake, pengine na ada juu yake.

Kwa muuzaji wa Tanzania kuna sharti zaidi. Kanuni zilizoanza kutumika Machi 28, 2025 zinakataza kutaja, kutangaza au kutoza bei ya bidhaa na huduma ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Duka lenye wanunuzi wa Arusha na wa Amsterdam halina budi kumwonyesha wa Arusha shilingi.

Linabaki suala la kurudisha fedha. Mteja alilipa dola 40, kiondo kimefika kimekatika mkanda, wiki tatu zimepita na kiwango kimehama. Duka lililohifadhi shilingi 4,800 peke yake litageuza upya na kumrudishia 38 au 42. Anastahili 40 kamili, na tofauti ni ya muuzaji kuibeba. Kwa hiyo oda inapolipwa inaandikwa na mambo manne yasiyobadilika tena: sarafu aliyolipia mteja, kiasi alichokiona, kiwango kilichotumika na tarehe yake. Bei ya dukani kesho yake inaweza kuwa nyingine kabisa. Oda hiyo haiguswi.