Vinundu Vinane Mgongoni mwa Mzee

Tuseme binti anampaka baba yake mafuta ya nazi mgongoni. Mzee ana miaka 72, na mgongo wake mwenyewe hauoni. Vidole vya binti vinapita juu ya vinundu vinane vyeusi. Saba vinakwaruza, vimekaa juu ya ngozi kama matone ya nta ya mshumaa yaliyodondoka yakaganda. Mtu angedhani vinabanduka kwa ukucha. Cha nane, karibu na bega, ni bapa na laini, na Idi iliyopita hakikuwepo.

Vile saba madaktari huviita keratosisi ya seborea. Ni chembe za tabaka la juu la ngozi zilizoota kupita kiasi, hazina mizizi ndani, haziambukizi wala hazigeuki kuwa saratani. Huanza kujitokeza mtu akishapita miaka 40 au 50, na huzidi kadiri umri unavyosonga. Vinaweza kuwa vyeusi tii, na hapo ndipo hofu inapoingia. Lakini kingo zake ziko wazi, na vingi vina vitundu vilivyoziba mithili ya chunusi nyeusi.

Cha nane ndicho cha kumpeleka mzee hospitali. Nusu yake moja hailingani na nyingine, ukingo umechongokachongoka, na ndani yake mna kahawia, nyeusi na buluu. Upana wake umezidi milimita 6. La kutilia shaka zaidi ni mambo mawili: kinabadilika, na hakifanani na wenzake.

Hizo ni dalili za melanoma, saratani ya chembe zinazoipa ngozi rangi. Kwa watu weusi huanza zaidi kwenye nyayo, viganja au chini ya kucha. Ya Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981, ilianzia kwenye kidole cha mguu. Kwa hiyo binti akimaliza mgongo, aigeuze na miguu.

Jicho, hata hivyo, hudanganyika. Zipo melanoma zinazojivika sura ya nta, na kinundu salama kikikwaruzwa na nguo huvimba na kutoka damu. Daktari wa ngozi hutumia kioo cha kukuzia chenye taa, na shaka ikibaki hukikata kinundu chote pamoja na ukingo wa milimita 2 hivi, kikapimwe maabara. Kukichoma au kukigandisha kabla ya kipimo ni kosa, kwa sababu hakitabaki cha kupima.

Maabara hupima pia kina. Kikiwa ni melanoma isiyofika milimita 1 kwenda chini, daktari hurudi kukata sentimita 1 ya ngozi kuzunguka kovu, na mara nyingi upasuaji huo hutosha. Vile saba huachwa vilivyo, isipokuwa vinavyowasha au kukwama kwenye nguo.