Kuonja Kozi ya Mtandaoni Kabla ya Kulipa

Ninyi mlio darasani, fungueni ukurasa huu, mfuate kwa kidole wakati ninaposoma.

Leo tutazungumza habari za kozi zinazouzwa mtandaoni, yaani masomo ya kulipia ambayo mwalimu yuko mbali, nawe unamwona katika simu. Akina mama wa kikundi kimoja huku Chamwino walinijia na swali. Walikuwa wameona kozi ya ufugaji wa kuku, na ada yake, shilingi 30,000, ingetoka katika sanduku la kikundi. Wakauliza, "Mwalimu, tulipe au tusilipe?"

Nikawajibu, "Mama zangu, muuza zabibu hukuonjesha punje moja kabla hujanunua kilo. Nasi tuonje somo moja." Kozi ile ilikuwa na somo moja la bure, juu ya ugonjwa wa mdondo. Tukalipima kwa mambo manne.

Jambo la kwanza ni mafundisho yenyewe. Mwalimu wa kozi alisema, "Chanjeni kuku wenu mara kwa mara." Neno hilo ni kweli, lakini je, ukilisikia leo, kesho asubuhi utaweza kulifanya? Hakutaja chanjo gani, wala kiasi gani, wala lini. Tulimwuliza Bwana Mifugo wa kata. Yeye alisema kwamba chanjo iitwayo I-2 hutiwa tone moja katika jicho moja la kila kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Tena huchanjwa kuku wazima, kwa maana chanjo haimponyi kuku aliyekwisha ugua. Hapo tulijua kwamba somo lile lina maneno mengi na kazi kidogo. Basi, pima kozi kwa jambo moja unalolijua, au analolijua mtu wa karibu nawe.

Jambo la pili ni mwendo. Kozi ilikuwa ya majuma 6, masomo 3 kila juma, kila somo dakika 40. Jumla ni masomo 18, yaani saa 12. Hizo si nyingi, lakini kozi ilianza mwezi wa Januari, na sisi wa Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua. Januari mama yuko shambani anapalilia mtama, na jioni amechoka. Kwa hiyo uliza: je, naweza kulisimamisha somo na kulirudia? Je, majuma 6 yakiisha, masomo yatafungwa?

Jambo la tatu ni msaada. Tuliandika swali kabla ya kulipa: "Kuku akipepesa jicho na tone likamwagika, tumtie jingine?" Jibu lilikuja siku ya tatu, nalo lilisema, "Karibuni mlipe ada." Mtu asiyejibu swali lako wakati anapotaka fedha yako, atakujibu akishaipata? Mwanafunzi wa mbali huhitaji mtu wa karibu. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" ilifundisha kwa redio, lakini watu walikaa vikundi vikundi, kila kikundi na kiongozi wake. Vilevile mwaka 2016 VETA na Airtel walianzisha VSOMO: nadharia ilisomwa katika simu, kisha mwanafunzi alikwenda VETA kufanya kazi kwa mikono.

Jambo la nne ni bei. Ada siyo bei yote. Tulitazama hesabu ya data katika simu kabla ya somo na baada yake, tukaona somo moja limekula megabaiti 200. Masomo 18 yatakula 3,600. Tuseme megabaiti 1,000 ni shilingi 2,000. Basi bando litakuwa shilingi 7,200, na jumla shilingi 37,200. Ukimaliza masomo yote, kila somo limekugharimu kama shilingi 2,070. Ukiachia somo la sita, umetumia shilingi 32,400, na kila somo limekuwa shilingi 5,400. Kozi usiyoimaliza ndiyo kozi ya ghali.

Hata hivyo somo moja laweza kuwa baya na mengine mazuri. Kwa hiyo akina mama waliomba kuonyeshwa somo moja la katikati. Hawakupewa. Basi fedha ikabaki sandukuni, na Bwana Mifugo akaalikwa kuja kuwaonyesha namna ya kutia tone.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Ni jambo gani unalolijua vizuri, ambalo ungelitumia kupima kozi?
2. Kozi ya ada shilingi 10,000 ina masomo 10, na kila somo hula megabaiti 300. Kwa bei ya bando tuliyotaja, jumla ni shilingi ngapi?

Kwaherini, hata juma lijalo.