Maelezo ya kusudi la masomo

Maelezo ya kusudi la masomo ni insha fupi ambayo mwombaji wa chuo kikuu, hasa wa shahada ya uzamili au uzamivu, huandika kueleza anataka kuchunguza nini na kwa nini. Mara nyingi huchanganywa na barua ya maombi ya kazi, kwa kuwa zote mbili hutaja elimu na uzoefu wa mwandishi. Hata hivyo barua ya kazi huonyesha kile ambacho mwombaji anaweza kukifanya tayari, ilhali maelezo ya kusudi hujengwa juu ya jambo ambalo bado hajalijua.

Umbo na wasomaji

Barua ya kazi huwa na anwani, tarehe, kichwa kinachoanza kwa "YAH:" na sahihi. Kwa kawaida haizidi ukurasa mmoja. Mwajiri huisoma akilinganisha sifa za mwombaji na zile zilizotajwa katika tangazo.

Maelezo ya kusudi hayahitaji anwani wala salamu, na urefu wake hufuata masharti ya programu. Husomwa na wahadhiri wanaojiuliza kama swali la mwombaji linaweza kuchunguzwa, kama ana msingi wa kutosha, na kama idarani yupo mtu wa kumsimamia.

Mfano

Tuchukue mhitimu wa kemia aliyefanya kazi miaka miwili katika maabara ya maji mkoani Arusha. Huko visima vingi vina floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani.

Akiomba kazi, ataandika kwamba amepima floraidi kwa miaka miwili, anajua kurekebisha vifaa vya kupimia na ameandaa ripoti za kila mwezi. Mwajiri hahitaji zaidi ya hapo.

Akiomba masomo, hayo yote huchukua sentensi moja au mbili. Kisha ataeleza alichokiona: vichujio vya mkaa wa mifupa, vinavyonasa floraidi, vilichoka mapema katika baadhi ya visima. Anashuku kuwa ualkali wa maji ndio sababu, lakini hakuwa na mbinu za kuthibitisha. Baada ya hapo atataja somo au mhadhiri anayehusika na uchujaji wa maji, na kazi anayokusudia kuifanya akihitimu.

Makosa ya kawaida

Waombaji wengi huficha wasichokijua, kama wanavyofanya katika barua ya kazi. Matokeo yake ni insha inayomsifu "mchapakazi mwaminifu" bila kuonyesha kwa nini anahitaji kusoma. Wengine hukisifu chuo. Kosa hili hutambulika kwa kubadilisha jina la chuo: ikiwa kila sentensi bado inafaa, insha haijaeleza kusudi.

Kwa programu zisizo na tasnifu, swali la utafiti linaweza kuwa tatizo la kazini ambalo mwombaji anakosa ujuzi wa kulitatua.