Rejesho Lako Linapunguza Deni Kiasi Gani?

Chukua mkopo wa shilingi 6,000,000 kwa miezi 24, riba asilimia 18 kwa mwaka, inayotozwa kwenye salio. Rejesho la kila mwezi ni kama 299,545. Kwenye ratiba ya marejesho, mstari wa kwanza unaonyesha riba 90,000, yaani asilimia 1.5 ya milioni sita. Kinachobaki, 209,545, ndicho kinachokata deni la msingi. Salio linashuka hadi 5,790,455, na riba ya mwezi wa pili inapigwa humo: 86,857. Rejesho ni lilelile, ila sasa deni limekatwa 212,688.

Ukishalipa miezi 12, usidhani umefika nusu. Salio bado ni takriban 3,267,000, na ukitaka kumaliza mkopo mapema, hesabu inaanzia hapo.

Mimi huanza kukagua safu ya riba. Ikisomeka 90,000 tangu mwanzo hadi mwisho, riba inapigwa kwenye mkopo wa awali hata kwa pesa uliyokwisha kurudisha, na rejesho linakuwa 340,000. Asilimia ni ileile 18, lakini unalipa karibu 971,000 zaidi.