Mvua Ileile Huongeza na Hupunguza Mimea

Tuseme watafiti wamepima viwanja vya nyasi kutoka tambarare kavu za kusini mashariki mwa Serengeti hadi kaskazini magharibi kunakonyesha zaidi. Wakilinganisha mvua na idadi ya aina za mimea, wanakuta uhusiano hafifu mno. Je, mvua haina kazi? Swali hilo ndilo linalohitaji modeli ya milinganyo ya kimuundo, yaani mchoro wa mishale ya sababu ambao kila mshale hupewa namba yake.

Namba hizi ni za mfano tu. Mvua hukuza nyasi: 0.6. Nyasi nyingi huzuia mwanga usifike chini: -0.7. Mwanga huongeza aina za mimea: 0.5. Namba 0.6 maana yake ni kwamba mvua ikiongezeka kwa mkengeuko sanifu mmoja, nyasi huongezeka kwa 0.6 ya mkengeuko wao. Athari ya njia nzima hupatikana kwa kuzidisha: 0.6 × -0.7 × 0.5 = -0.21. Kwa njia hii mvua hupunguza aina, kwa kuwa mimea mifupi hukosa jua.

Lakini upo mshale mwingine, kutoka mvua moja kwa moja hadi aina za mimea: 0.3. Ukijumlisha unapata 0.09. Kumbe udhaifu ule wa mwanzo ulificha nguvu mbili zinazovutana. Nyumbu wakila nyasi na kurudisha mwanga, ile ya kupunguza hulegea.

Neno “moja kwa moja” linahitaji tahadhari. Maana yake ni kwamba njia haipiti katika kitu chochote kilichopimwa. Huenda ile 0.3 inapitia uotaji wa mbegu au unyevu wa udongo, ambao hakuna aliyeupima.

Mchoro wenyewe hujaribiwa kwa mishale ambayo haikuchorwa. Hapa hakuna mshale kutoka mvua hadi mwanga, kwa hiyo viwanja vyenye nyasi sawa visitofautiane mwanga kwa sababu ya mvua. Vikitofautiana, kuna njia iliyosahaulika, pengine kivuli cha miti inayostawi penye mvua. Katika jaribio la jumla, tofauti na mazoea, thamani ya p iliyo juu ya 0.05 ndiyo inayotakiwa: data haijaupinga mchoro.

Kutopingwa bado si kuthibitishwa, maana mchoro wenye mshale uliogeuzwa unaweza kupata alama zilezile. Kinachotenganisha ni jaribio. Mwaka 2009 Yann Hautier na wenzake walichapisha jaribio ambamo mimea ya nyanda za nyasi iliwekewa mbolea, kisha baadhi ikawashiwa taa chini ya majani. Penye taa, aina hazikupotea kama penye mbolea peke yake. Mshale wa mwanga una ushahidi huo. Ule wa wanyama na nyasi unahitaji uzio, kwa sababu nyumbu nao hufuata nyasi.