Degedege isiyokoma: miligramu si mililita

Katika kikao chetu mama mmoja alileta kikaratasi alichopewa na muuguzi: diazepamu, miligramu 4. Akauliza: "Basi ninavuta mpaka kwenye 4 ya bomba?" Hapana, mama. Tuifanye hesabu hiyo pamoja.

Dawa ya dharura hutolewa degedege ikipita dakika 5. Kwa hiyo inapoanza, tazama saa, mlaze mtoto kwa ubavu, usimtie kijiko wala kitu kingine mdomoni.

Kipimo hufuata uzito, hivyo mtoto apimwe kwenye mizani. Diazepamu ya njia ya haja kubwa ni miligramu 0.5 kwa kila kilo. Mtoto huyo ana kilo 8: 8 mara 0.5 ni miligramu 4. Hiyo ndiyo nguvu ya dawa. Lakini bomba la sindano linapima maji, yaani mililita. Kichupa cha kawaida kina miligramu 10 ndani ya mililita 2, maana yake kila mililita ina miligramu 5. Gawanya 4 kwa 5: unapata mililita 0.8. Kama mama angevuta mililita 4, mtoto angepata miligramu 20, mara tano ya kipimo chake, na pumzi ingeweza kusimama.

Tumia bomba dogo la mililita 1. Ukisha kuvuta dawa, ondoa sindano kabisa. Ingiza bomba polepole, sentimita 4 hadi 5, sukuma dawa, kisha bana matako kwa dakika 5 ili isitoke.

Mwingine huandikiwa midazolamu ya shavuni, miligramu 0.3 kwa kilo. Kwa kilo 8 ni miligramu 2.4. Ikiwa kichupa kina miligramu 5 kwa mililita, ni karibu mililita 0.5. Inamiminwa kidogo kidogo kati ya shavu na ufizi, si kooni. Lakini kuna vichupa vyenye miligramu 1 tu kwa mililita. Kwa hivyo soma kichupa kila mara.

Ukisha kumpa, tazama kifua. Akipumua kwa shida au midomo ikibadilika rangi, au degedege ikiendelea, mkimbize kwenye kituo cha afya. Usiongeze dozi ya pili nyumbani kama muuguzi hakukuagiza. Hata ikikoma, mpeleke, maana malaria au sukari kupungua inaweza kuwa ndiyo chanzo.

Tuliandika upya kikaratasi cha mama yule mbele ya muuguzi: "kilo 8, miligramu 4, mililita 0.8", pamoja na tarehe. Akifikisha kilo 11 itakuwa mililita 1.1, na kile cha zamani kitachanwa. Wewe uliye na dawa nyumbani, angalia chako: kina mililita?